Kuandamana na Kugusana: Historia ya Njia Mbili za Kuthibitisha Mshikamano wa Protini, kwa Kuzingatia p53 na Antijeni T Kubwa

1. Utangulizi

Kiswahili hutenganisha vizuri mambo mawili ambayo wanabayolojia wa molekuli huyachanganya mara nyingi, yaani kuandamana na kugusana. Watu wawili waliofika harusini katika gari moja wameandamana, lakini hilo halithibitishi kwamba walikaa kiti kimoja. Kwa upande mwingine, watu wawili waliokutanishwa na kupeana mikono wamegusana, lakini hilo halithibitishi kwamba wangekutana kama wasingekutanishwa. Makala haya yanachunguza njia mbili zinazotumika kuonesha kwamba protini mbili zinashikamana, na yanajenga hoja kwamba njia ya kwanza huthibitisha kuandamana ilhali ya pili huthibitisha uwezo wa kugusana. Hoja hii imejengwa juu ya kisa kimoja, kile cha protini p53 na antijeni T kubwa ya kirusi SV40, kwa kuwa jozi hii ilipita katika mikono ya njia zote mbili, na kila njia iliacha alama yake katika maarifa tuliyo nayo kuihusu.

Njia ya kwanza itaitwa hapa utuamishaji wa pamoja. Seli hupasuliwa kwa sabuni laini, kingamwili inayoitambua protini moja huongezwa, kisha kingamwili hiyo hutuamishwa chini ya chupa pamoja na chochote ilichokishika. Iwapo protini ya pili itakutwa katika mashapo hayo, inasemekana kuwa imeandamana na ya kwanza. Njia ya pili itaitwa njia ya machotara wawili wa hamira. Katika njia hii protini mbili huunganishwa, kila moja kwa kipande cha protini nyingine, zikazalishwa ndani ya seli ya hamira, na mshikamano wao hutambuliwa kwa kuwaka kwa jeni fulani.

2. London na Princeton, mwaka 1979

Katika miaka ya sabini, watafiti wa kirusi SV40 walikuwa wakitafuta namna kirusi chenye jeni chache sana kinavyoweza kuigeuza seli ya kawaida kuwa ya saratani. Protini iliyoshukiwa zaidi ilikuwa antijeni T kubwa, yenye asidi amino 708. Ili kuichunguza, watafiti waliwalisha seli methionini yenye salfa nururifu ili kila protini mpya itoe mionzi, wakazipasua seli, kisha wakaongeza seramu ya wanyama waliokuwa na uvimbe uliosababishwa na SV40. Kingamwili zilitenganishwa kwa msaada wa bakteria aina ya stafilokoki waliouawa, ambao juu ya kuta zao wana protini A inayoshika kingamwili kwa nguvu. Mashapo yalioshwa, yakachemshwa na kupitishwa katika jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, kisha jeli ikawekwa juu ya filamu.

Mstari wa antijeni T ulionekana mahali palipotarajiwa. Hata hivyo, chini yake ulionekana mstari mwingine, penye ukubwa wa takribani daltoni 53,000 au 54,000. Mwaka 1979 David Lane na Lionel Crawford mjini London, na Daniel Linzer na Arnold Levine huko Princeton, walichapisha taarifa kuhusu mstari huo kila kundi kwa upande wake. Maabara nyingine pia ziliuona mwaka huohuo. Mstari huo ndio tunaouita leo p53. Jina lenyewe linatokana na kosa dogo la jeli: p53 ya binadamu ina asidi amino 393 na uzito wake halisi ni karibu daltoni 44,000, lakini wingi wa prolini katika sehemu yake moja huifanya isafiri polepole kuliko inavyostahili.

Kilicho muhimu kwa mwanahistoria wa mbinu si kuonekana kwa mstari bali namna ulivyofasiriwa. Mstari wa pili katika mashapo una maelezo zaidi ya moja. Inawezekana ni kipande cha antijeni T kilichokatika wakati wa kupasua seli. Inawezekana vilevile kwamba seramu ya mnyama mwenye uvimbe ina kingamwili za aina nyingi, na baadhi yake huitambua protini ya pili moja kwa moja, bila antijeni T kuhusika. Maelezo ya tatu tu ndiyo yanayosema kwamba protini ya pili imekuja kwa kuwa imeshikwa na ya kwanza.

Linzer na Levine waliishughulikia hoja ya kwanza kwa kuikata protini hiyo kwa kimeng'enya tripsini na kulinganisha ramani ya vipande vyake na ile ya antijeni T. Ramani hazikufanana. Zaidi ya hayo, protini ya namna hiyohiyo ilikutwa katika seli za uvimbe wa kiinitete ambazo hazikuwahi kuambukizwa na SV40. Hivyo ikawa bayana kwamba mwenyeji wa protini hiyo ni seli yenyewe, si kirusi. Lane na Crawford nao waliikabili hoja ya pili kwa kutumia seramu ya sungura waliochanjwa kwa antijeni T iliyosafishwa. Seramu ya namna hiyo haina sababu ya kuitambua protini ya seli. Ikiwa protini hiyo bado inatuama, basi imebebwa. Na kweli ilitokea hivyo. Ugunduzi wa p53 ulikuwa, kwa maana hii, ugunduzi wa mwandamani.

3. Utuamishaji hauoni nini

Tukisoma upya matokeo ya mwaka 1979 kwa jicho la leo, tunaona swali lililobaki wazi. Je, antijeni T na p53 ziligusana zenyewe, au kulikuwa na kitu cha tatu kati yao? Utuamishaji hauwezi kulijibu swali hili peke yake. Chochote kinachobaki kimeshikana baada ya kuoshwa hutuama, iwe ni jozi au ni msururu wa protini kumi. Katika kisa hiki shaka ilikuwa na uzito zaidi, kwa sababu protini zote mbili hushika DNA. Uzi mmoja wa DNA uliosalia katika mchanganyiko ungeweza kuzishika zote mbili kama nguo mbili zilizoanikwa juu ya kamba moja, na mtazamaji akadhani zimeshonwa pamoja. Ndiyo maana mtafiti makini hurudia jaribio baada ya kuongeza kimeng'enya kinachosaga DNA. Mstari ukitoweka, daraja lilikuwa DNA. Ukibaki, uwezekano huo unaondolewa, ingawa protini ya tatu bado inaweza kuwapo.

Mwaka 1981 McCormick na wenzake walipiga hatua zaidi walipoonesha kwamba protini ya jamii ya antijeni T iliyosafishwa hushika protini ya 53K ndani ya chupa, nje ya seli. Jaribio hilo lilipunguza idadi ya wapatanishi wanaoweza kudhaniwa, lakini liliacha wazi hofu nyingine ya kudumu: je, protini zilizotuama pamoja zilikuwa pamoja ndani ya seli hai, au zilikutana baada ya kuta kubomolewa? Seli inapopasuliwa, yaliyokuwa katika vyumba tofauti humwagika katika bakuli moja. Kwa hiyo kushikana ndani ya chupa kunathibitisha uwezo, ilhali kutuama pamoja kutoka katika seli kunaashiria mazoea. Mambo hayo mawili yanahitajiana.

Kuna pia mtego wa kiufundi ambao kizazi cha mwaka 1979 hakikuukuta lakini unawanasa wanafunzi wengi wa leo. Siku hizi mionzi haitumiki sana. Badala yake, protini huhamishwa kutoka kwenye jeli hadi kwenye utando, kisha hutambuliwa kwa kingamwili ya pili. Lakini kingamwili iliyotumika kutuamisha nayo imo katika mashapo, na mnyororo wake mzito una ukubwa wa takribani daltoni 50,000. Huo ni mtaa uleule wa p53. Mtafiti anaona mstari mnene unaong'aa na kushangilia p53, kumbe ameiona kingamwili yake mwenyewe. Dalili ya kosa hili ni kwamba mstari huo huonekana kwa unene uleule hata pale ilipotumika kingamwili isiyohusika, au pale seli zilipokosa p53 kabisa. Tiba yake ni kutumia kingamwili za wanyama wawili tofauti, kwa mfano ya sungura katika kutuamisha na ya panya katika kutambua, au kuifunga kingamwili ya kwanza kwa kemikali juu ya shanga ili isiachie wakati wa kuchemsha.

Ni kwa sababu hizo jaribio moja la utuamishaji halistahili kusomwa bila majirani wake. Lazima kuwe na mfereji wa mchanganyiko wa awali kabla ya kutuamisha, ili ijulikane kwamba protini ya pili ilikuwapo na ni sehemu gani yake iliyotuama. Lazima kuwe na mfereji wa kingamwili isiyohusika. Na inapowezekana, jaribio lifanywe pia kwa kugeuza upande, yaani kuituamisha protini ya pili na kuitafuta ya kwanza.

4. Stony Brook, mwaka 1989

Miaka kumi baadaye, Stanley Fields na Ok-kyu Song wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New York huko Stony Brook walichapisha katika jarida la Nature njia isiyohitaji kingamwili wala kupasua seli. Msingi wake ulikuwa umewekwa na utafiti wa akina Mark Ptashne kuhusu protini GAL4 ya hamira, yenye asidi amino 881, ambayo huziwasha jeni za kutumia sukari ya galaktosi. GAL4 ina sehemu mbili zinazoweza kutenganishwa: sehemu ya mwanzo, asidi amino 1 hadi 147, hushika DNA, na sehemu ya mwisho huiita mitambo ya kunakili jeni. Zikitenganishwa, hakuna kinachowaka. Fields na Song walijiuliza iwapo sehemu hizo zingeweza kurudishwa karibu si kwa kuunganishwa moja kwa moja, bali kwa kubebwa na protini mbili zinazoshikana.

Waliunganisha protini SNF1 na sehemu inayoshika DNA, na protini SNF4 na sehemu inayowasha, yaani asidi amino 768 hadi 881. Katika hamira iliyokosa GAL4 yake ya asili, machotara hao wawili kwa pamoja waliiwasha jeni lacZ, ambayo bidhaa yake hugeuza kemikali X-gal kuwa ya buluu. Chotara mmoja bila mwenzake hakufanya hivyo. Kazi iliyofanywa na jozi hiyo ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na ya GAL4 kamili, lakini ilitosha kutofautisha ndiyo na hapana.

Jambo moja katika taarifa hiyo husahauliwa. SNF1 na SNF4 hazikuchaguliwa kwa kubahatisha. Maabara ya Marian Carlson ilikuwa imeshaonesha kwamba protini hizo hutuama pamoja. Kwa maneno mengine, njia mpya ilipokwenda mahakamani kwa mara ya kwanza, shahidi wake alikuwa njia kongwe. Uhusiano huo wa kudhaminiana umeendelea hadi leo, na ni kosa kuziona njia hizi kama wapinzani ambao mmoja amekuja kumwondoa mwingine.

Faida kubwa ya njia ya machotara ilidhihirika pale ilipotumika kutafuta wasiojulikana. Protini inayochunguzwa huitwa chambo. Maktaba nzima ya vipande vya jeni huunganishwa na sehemu inayowasha, na kila kipande huitwa windo. Mamilioni ya seli za hamira hupandwa katika chakula kisicho na histidini, na hukua zile tu ambazo chambo na windo vimeshikana. Plasmidi ya koloni iliyokua ikisomwa, jeni ya mshirika inajulikana mara moja. Linganisha na p53: ilionekana kama mstari mwaka 1979, lakini jeni yake ilipatikana miaka kadhaa baadaye kwa kazi ngumu. Utuamishaji humpa mtafiti mwili usio na jina. Njia ya machotara humpa jina kwanza.

5. p53 inapokuwa chambo

Jozi ya p53 na antijeni T iliingia katika hamira mapema miaka ya tisini, katika maabara ya Fields mwenyewe, na hapo ndipo kisa chetu kinapofunua mipaka ya njia ya pili. Mwaka 1990 Fields na Jang waliiunganisha p53 na sehemu ya GAL4 inayoshika DNA. Jeni shahidi iliwaka bila windo lolote. Sababu yake ni kwamba p53 yenyewe, katika ncha yake ya mwanzo, ina uwezo mkubwa wa kuwasha jeni. Kwa elimu ya saratani huo ulikuwa ugunduzi mkubwa, kwani ulionesha kazi ya p53 ndani ya seli. Kwa njia ya machotara ulikuwa tatizo, kwa sababu chambo kinachojiwasha chenyewe hakiwezi kuuliza swali: kila windo litaonekana limeshikana nacho.

Ufumbuzi uliochukuliwa ulikuwa kuikata ncha hiyo. Chambo kilichotumika kilikuwa p53 ya panya kuanzia asidi amino ya 72 hadi ya 390. Kikiwa hivyo hakijiwashi, na kikikutanishwa na antijeni T hugeuka buluu. Kikikutanishwa na windo tupu hubaki cheupe. Matokeo haya yalikuwa ya kuaminika kiasi kwamba jozi hiyo imekuwa kipimo cha kawaida katika vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya njia hii. Mwanafunzi anayefanya jaribio lake la kwanza huanza kwa p53 na antijeni T kama ndiyo yake ya uhakika, na antijeni T pamoja na protini lamini kama hapana yake. Mstari uliowashangaza watu mwaka 1979 umekuwa mizani ya maabara.

Lakini kukata kuna gharama, na gharama hiyo inaweza kutajwa kwa jina. Mwaka 1992 Momand na wenzake, katika maabara ya Levine, walikuta protini yenye ukubwa wa takribani daltoni 90,000 ikituama pamoja na p53. Walipoitambua, ilikuwa MDM2, ambayo sasa inajulikana kuwa mdhibiti mkuu wa p53. Baadaye muundo wa fuwele ulionesha kwamba MDM2 huishika p53 katika asidi amino 17 hadi 29 hivi. Mahali hapo pamo ndani ya ncha iliyokatwa. Kwa hiyo mtafiti anayetumia chambo cha 72 hadi 390 anaweza kuchunguza mamilioni ya mawindo kwa uangalifu wote, na MDM2 isionekane kwa kushika mahali hapo kamwe. Matokeo yake hayatakuwa na kosa lolote la kiufundi. Yatakuwa tu yamelijibu swali lililokatwa.

Mwaka 1994 mizani iliinamia upande wa pili. Iwabuchi na wenzake, kwa kutumia njia ya machotara, walipata protini mbili mpya za binadamu zinazolishika eneo la kati la p53, wakaziita 53BP1 na 53BP2. Zote mbili zilishika p53 nzima na kuziacha p53 zenye mabadiliko yaonekanayo katika saratani. Miundo ya fuwele iliyofuata ilithibitisha kwamba kugusana huko ni kwa kweli. Hata hivyo, utafiti wa miaka iliyofuata ulionesha kwamba 53BP1 hukimbilia mahali DNA ilipokatika nyuzi zote mbili, na kazi yake mashuhuri zaidi ni kuongoza ukarabati wa mikato hiyo, kazi ambayo kwa sehemu kubwa haiitegemei p53. Jina lake linasema ni mshika p53, ilhali maisha yake mengi yako kwingine. Hamira haikudanganya kuhusu kugusana. Ila haikuulizwa, na isingeweza kujibu, ni mara ngapi na kwa ajili ya nini wawili hao hukutana katika seli ya binadamu.

Tofauti hii inatokana na mazingira ya jaribio lenyewe. Katika hamira, protini zote mbili hulazimishwa kuingia katika kiini cha seli, mara nyingi kwa wingi usio wa kawaida. Protini ambayo makao yake ni utandoni haiwezi kuhukumiwa kwa haki humo. Aidha, hamira haina baadhi ya vimeng'enya vinavyoibadilisha protini ya binadamu baada ya kutengenezwa. Mshikamano unaohitaji badiliko hilo hautaonekana. Hivyo hapana ya hamira ni dhaifu kuliko ndiyo yake, na ndiyo yake ni ya uwezo tu.

6. Hitimisho

Swali lililoachwa wazi mwaka 1979 lilipata jibu kamili mwaka 2006, wakati Lilyestrom na wenzake walipochapisha muundo wa fuwele wa antijeni T ikiwa imeshikana na p53. Molekuli sita za antijeni T zilionekana zimeunda duara, na kila moja imeshika p53 moja, tena katika uso uleule ambao p53 huutumia kushika DNA. Kutoka mstari wa kwanza hadi picha hiyo ilipita miaka 27. Ilionekana kwamba wawili hao waliandamana na pia waligusana, lakini kila nusu ya kauli hiyo ilidaiwa na ushahidi wake.

Kutokana na kisa hiki, makala yanahitimisha kwamba swali la njia ipi ni bora limeulizwa vibaya. Mtafiti aliyetuamisha protini mbili kutoka katika seli zisizoongezewa kitu, akaondoa DNA na kugeuza upande, ana haki ya kuandika kwamba protini hizo huandamana ndani ya seli. Hana haki ya kuandika kwamba zinagusana. Mtafiti aliyeona koloni za buluu, huku chambo pekee kikibaki cheupe, ana haki ya kuandika kwamba protini hizo, au vipande alivyovitumia, vinaweza kugusana. Hana haki ya kuandika kwamba hukutana, wala kwamba vipande alivyovikata havikuwa na wa kumshika. Anayetaka kuandika kauli zote mbili afanye majaribio yote mawili, na ataje katika sentensi yenyewe asidi amino alizozitumia. Kwa p53, tofauti kati ya kuanza na ya 1 na kuanza na ya 72 ilikuwa tofauti kati ya kumwona mdhibiti wake mkuu na kutomwona.